Mlima wa asilimia 22 una nyuzi ngapi? Kupima mwinuko wa barabara za Mwanza kwa rula, pimamaji na simu

Kiangazi kilichopita nilipewa kazi ya kupandisha bomba la maji hadi nyumba moja mlimani Igogo. Barabara ya kufika pale inazunguka mawe, lakini bomba halina haja ya kuzunguka. Linapanda moja kwa moja kutoka kona ya chini mpaka uani. Nikafungua ramani ya satelaiti kwenye simu, nikagusa kona, nikagusa nyumba, ikaniambia mita 55. Nikaongeza 5 za tahadhari, nikanunua mita 60 za bomba jeusi la plastiki, nikajiona fundi makini.

Bomba liliishia kwenye jiwe, nyumba ikiwa bado juu yetu. Mwenye nyumba, mama wa makamo, alikuwa amekaa kizingitini akitutazama.

"Fundi, si ulisema zitabaki?"

"Mayu, nisamehe. Ramani haijui mlima."

Na kweli haiujui. Ramani huitazama ardhi kutoka juu, wima. Chukua ngazi ya mita 4, iegemeze ukutani, kisha uitazame kutoka juu ya paa: utaona ngazi fupi, labda ya mita moja na nusu. Ngazi haijapungua, ila unachokiona ni kivuli chake sakafuni. Mita zangu 55 zilikuwa kivuli cha namna hiyo. Watu wa vipimo wanakiita umbali wa mlalo. Bomba halilali kwenye kivuli, linalala kwenye ngazi yenyewe.

Basi kila mlima una vipimo vitatu: umbali wa mlalo, kimo ulichopanda, na umbali wa njia yenyewe, yaani ule ambao futikamba au tairi la bodaboda linaupita. Ukijua viwili, cha tatu unakipata kwa hesabu. Asilimia ya mwinuko ni uhusiano wa viwili tu kati ya hivyo: kimo gawanya kwa umbali wa mlalo, zidisha kwa 100. Barabara ya asilimia 15 inapanda mita 15 kwa kila mita 100 za mlalo. Kigawanyo ni mlalo, wala si mita za kwenye lami. Kosa la kuvichanganya hivyo nitalieleza baadaye.

Kupima asilimia kwa mkono

Huhitaji mashine ya mpima ardhi. Chukua rula ya aluminiamu ya mita 2, ile mafundi wanayovutia plasta, pamoja na pimamaji na futikamba. Laza rula barabarani kuelekea mlimani, pimamaji ikiwa juu yake. Ncha ya upande wa juu iache iguse barabara, kisha inua ncha ya upande wa chini taratibu mpaka povu likae katikati. Mwenzako apime nafasi iliyo wazi kutoka ukingo wa chini wa rula mpaka barabarani, pale kwenye ncha iliyoinuliwa, futikamba ikiwa imesimama wima.

Ukipata sentimita 44, gawanya kwa 200: ni 0.22, yaani asilimia 22. Uzuri wa njia hii ni kwamba rula imelala sawasawa, kwa hiyo mita zake 2 ni umbali wa mlalo halisi na hakuna cha kusahihisha. Ukiwa na rula ya mita 1 ni rahisi zaidi, maana sentimita unazosoma ndizo asilimia. Ila rula fupi inadanganywa na shimo moja au jiwe moja lililochomoza, na barabara zetu za mlimani hazikosi hivyo. Kwa rula ya mita 2, ukikosea sentimita 1 umekosea nusu asilimia. Kwa ya mita 1, sentimita hiyo hiyo ni asilimia nzima. Pima sehemu tatu au nne za kipande kimoja, kisha chukua wastani.

Kabla ya yote hakikisha pimamaji yenyewe ni mzima. Iweke mahali, soma povu, igeuze kichwa kuwa mkia palepale, usome tena. Povu likihamia upande mwingine, pimamaji hiyo imeshaanguka mara nyingi kuliko mwenye nayo anavyokiri.

Kutoka asilimia kwenda nyuzi

Wengi wanadhani asilimia 100 ni ukuta uliosimama, kwa hiyo wanachukua nyuzi 90, wanagawanya kwa 100, na asilimia 10 inakuwa nyuzi 9. Si kweli. Asilimia 100 maana yake unapanda mita 1 kwa kila mita 1 ya mlalo, na hiyo ni nyuzi 45. Asilimia 10 ni nyuzi 5.7 tu.

Kinachounganisha viwili hivi ni tanjenti, ile ya kidato. Tanjenti ya pembe ni kimo gawanya kwa mlalo, ndiyo asilimia yenyewe kabla ya kuzidisha kwa 100. Kwa hiyo unarudi kinyume:

```
pembe = tan⁻¹(asilimia ÷ 100)
```

Kwenye simu, fungua kikokotoo kisha uigeuze simu ubavu ili vitufe vya kisayansi vitokee. Andika tan⁻¹(0.22). Jibu ni 12.4. Ukipata 0.2165, simu yako inahesabu kwa radiani. Tafuta kitufe cha `DEG`, au zidisha jibu hilo kwa 57.3. Mimi kila mara naanza na tan⁻¹(1). Ikijibu 45 naendelea, ikijibu 0.785 najua iko kwenye radiani. Anayetumia jedwali la Excel aandike hivi:

```
=DEGREES(ATAN(22/100))
```

Kama huna simu mkononi, au mikono imejaa udongo, zidisha asilimia kwa 4 kisha gawanya kwa 7. Asilimia 14 inakuwa 56, gawanya kwa 7, nyuzi 8. Jibu la kweli ni 7.97. Asilimia 22 inakupa 12.6 badala ya 12.4, bado haidhuru. Ila usiipeleke mbali. Kwenye asilimia 65 njia hii inasema nyuzi 37 wakati ukweli ni 33, na kwenye asilimia 100 inakupa 57 badala ya 45. Sababu ni kwamba kadiri mlima unavyozidi kusimama, kila nyuzi moja inameza asilimia nyingi zaidi. Tumia hesabu hii ya kichwani kwenye barabara za magari tu. Kwenye njia za miguu zinazopita juu ya mawe, tumia tan⁻¹.

Kwa nini mtu wa barabarani ajali nyuzi au asilimia? Kwa sababu namba zinafanana na watu wanazichanganya. Siku ya kazi ile tulihitaji boza lilete maji ya kuchanganyia zege. Kijana wa jirani akafungua programu ya pimamaji kwenye simu yake, akailaza barabarani, ikamwonyesha 12, akampigia dereva: "Mlima wenyewe ni 12 tu." Dereva amezoea asilimia, akaona 12 si kitu. Alipofika kwenye kona ya mwisho akashuka, akatazama, akarudi garini bila kusema neno. Zilikuwa nyuzi 12, yaani zaidi ya asilimia 21. Gari la tani 10 kwenye asilimia 12 linavutwa kurudi nyuma na uzito wa kama tani 1.2, kwenye asilimia 22 ni zaidi ya tani 2. Kwa hiyo mtu akikutajia namba ya mlima, muulize kwanza: nyuzi au asilimia?

Simu nayo ina mambo yake. Ukiilaza chali, kamera iliyovimba inaiinua upande mmoja. Iweke juu ya rula, soma, igeuze nyuma mbele, soma tena, chukua wastani. Halafu kumbuka kwamba programu nyingi zinasoma nyuzi nzima nzima. Nyuzi 8 ni asilimia 14.1, nyuzi 9 ni asilimia 15.8. Hapo katikati simu haioni kitu, lakini rula na futikamba vinaona.

Barabara nzima: kipande kwa kipande

Mlima hauna mwinuko mmoja. Barabara ile ya Igogo niliigawa mara tatu, nikapima kila kipande kwa futikamba iliyolazwa barabarani. Kipande cha chini kilikuwa mita 120, asilimia 8. Cha kati mita 90, asilimia 15. Cha juu, kile kilichomrudisha dereva, mita 60, asilimia 22. Jumla mita 270 za njia.

Futikamba iliyolala barabarani inatoa urefu wa njia. Kuupata mlalo wake unatumia Pithagorasi, ila imefupishwa ili itumie asilimia moja kwa moja. Andika asilimia kama desimali, uiite m:

```
mlalo = njia ÷ √(1 + m²)
kimo  = mlalo × m
```

Tufanye kipande cha juu pamoja. m ni 0.22. Ukiizidisha kwa yenyewe ni 0.0484, ongeza 1 inakuwa 1.0484, kipeuo chake cha pili ni 1.0239. Mita 60 gawanya kwa 1.0239 ni 58.6. Huo ndio mlalo. Zidisha kwa 0.22, unapata kimo cha mita 12.89.

Kwa njia hiyo hiyo kipande cha kati kinatoa mlalo wa mita 89.0 na kimo cha 13.35, na cha chini mlalo wa 119.6 na kimo cha 9.57. Jumlisha: mlalo mita 267.2, kimo mita 35.8.

Tazama hapo. Njia ni 270, mlalo ni 267.2. Mlima unaowashusha abiria kwenye bodaboda, na tofauti haifiki mita 3! Ndiyo maana kwenye barabara za magari hakuna anayelalamika kuhusu ramani. Ukitaka kukadiria tofauti hiyo bila kipeuo, zidisha asilimia kwa yenyewe kisha gawanya kwa 200. Utapata mita zinazoongezeka kwa kila mita 100 za mlalo. Asilimia 10 inaongeza nusu mita. Asilimia 22 inaongeza kama mita 2.4. Mpaka asilimia 30 hesabu hii inakaa vizuri, ikisema 4.5 wakati ukweli ni 4.4.

Ukitaka mwinuko wa wastani wa barabara nzima, usijumlishe 8, 15 na 22 ukagawanya kwa 3. Utapata asilimia 15, kana kwamba vipande vyote vina urefu mmoja. Chukua kimo chote, gawanya kwa mlalo wote: 35.8 kwa 267.2 ni asilimia 13.4, sawa na nyuzi 7.6. Tena, wastani huo ni wa kuandikia tu. Boza halipandi wastani, linapanda kona ya asilimia 22.

Kurudi kwenye bomba

Sasa kimo ninacho. Mita 35.8 ni zile zile, upite barabarani au upite kwenye mawe, kwa sababu mwanzo ni ile kona na mwisho ni ule ua. Kinachobadilika ni mlalo. Barabara inautembea kwa mita 267, wakati mstari wa bomba una mita 55 tu, zile za ramani.

Gawanya 35.8 kwa 55: ni 0.651, asilimia 65. Pembe yake, tan⁻¹(0.651), ni nyuzi 33. Urefu wa bomba ni Pithagorasi ya kawaida: 55 mara 55 ni 3,025, 35.8 mara 35.8 ni kama 1,282, jumla 4,307, kipeuo chake ni 65.6. Nilinunua 60, nikapungukiwa mita 5.6. Hesabu ya dakika mbili ingeniokoa safari ya kurudi mjini na maneno ya yule mama.

Hapa ndipo lile kosa la kigawanyo linapouma. Mtu anapima bomba au ngazi kwa futikamba, anapata mita 65.6, anagawanya kimo kwa urefu huo: 35.8 kwa 65.6 ni 0.546, anasema mlima ni asilimia 55. Umekuwa asilimia 65 unasoma 55. Namba aliyoipata si tanjenti, ni sini. Haijaharibika, ila inataka kitufe chake: sin⁻¹(0.546) inarudisha nyuzi zile zile 33. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza, jiulize umbali wako umetoka wapi. Umetoka kwenye ramani, tumia tan⁻¹. Umetoka kwenye futikamba iliyolala mlimani au kwenye mita ya pikipiki, tumia sin⁻¹. Kwenye barabara ya asilimia 8 ukichanganya hutaona tofauti, na hapo ndipo tabia mbaya inapojengeka.

Wapo wanaouliza kwa nini nisisome kimo kwenye simu, nitoe cha chini kwenye cha juu. Nilijaribu. Shuka ufukweni, simama karibu na maji, usome simu inasema uko mita ngapi juu ya usawa wa bahari. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,135. Simu yangu siku moja ilisoma pungufu ya hapo kwa zaidi ya mita 10, na baada ya nusu saa ikabadili mawazo nikiwa nimesimama palepale. Kosa la mita 10 kwenye kimo cha mita 35 halivumiliki. Kama huiamini rula, tumia mpira mwembamba wa maji unaoonyesha ndani, ule wanaosawazishia msingi, upande nao hatua kwa hatua ukiandika kila kimo. Ni kazi ya asubuhi nzima na inahitaji watu wawili wasiogombana.

Kile kimo kina kazi nyingine kwa fundi bomba. Kila mita 10 za kupanda zinakula karibu ba 1 ya msukumo wa maji. Mita 35.8 zinakula kama ba 3.5 kabla maji hayajatoka hata tone, na hapo urefu wa bomba hauhusiki, ni kimo peke yake. Msuguano ndani ya bomba ndio unaofuata urefu. Ukimwambia muuza pampu mita 65 akadhani ni kimo, atakuuzia pampu kubwa usiyoihitaji.

Bomba lililolala pale leo ni mita 68. Hesabu ilisema 65.6 kwa mstari ulionyooka, na mawe ya Igogo hayajanyooka. Yamekula mita mbili na ushee kwa kukunja hapa na kuruka pale. Siku hizi nafanya hesabu kwanza, kisha naongeza mita 5 kwa kila 100 kwa ajili ya mawe, si kwa ajili ya mlima.

Tulipomaliza mama alinionyesha tangi lake, liko juu ya mnara wa zege uani, mita 4 kwenda juu.

"Na hapa pa kupandia tangini, fundi, ni asilimia ngapi?"

Nikamwambia hapo hakuna asilimia. Bomba linapanda wima, mlalo wake ni sifuri, na hakuna kikokotoo kinachokubali kugawanya kwa sifuri. Ni nyuzi 90, mayu, na mita 4 ni mita 4.